Wali umeisha, maharage yameisha: menyu ya mgahawa kutoka kwenye jedwali moja

Mgahawa wa mama mdogo uko Kariakoo, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Uhuru. Una meza nane tu, lakini chakula kingi hakiliwi hapo. Kinapanda ngazi. Wauzaji wa vitambaa, viatu na vipuri vya simu walioko kwenye yale maghorofa hawawezi kufunga duka saa saba mchana, kwa hiyo wanaagiza kwa simu na kijana anawapelekea sahani kwenye kapu. Lifti ikiwa mbovu, na mara nyingi ni mbovu, anapanda kwa miguu hadi ghorofa ya tano.

Sasa fikiria kijana huyo amefika juu, jasho linamtoka, halafu anamwambia mteja kwamba samaki aliyeagiza hayupo, amemletea nyama. Mteja anakasirika, na ana haki. Kijana anashuka na sahani ile ile, akifika chini imepoa. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja, na ndiyo sababu mwaka jana nilimwambia mama mdogo kwamba nitamtengenezea ukurasa wa menyu ambao wateja wataufungua kwenye simu, na kitu kikiisha jikoni kinaondoka chenyewe.

Aliniuliza swali moja tu. "Na mimi nitatakiwa nifanye nini?" Nikamjibu kwamba yeye hatafanya kitu, mpakuaji ataandika kwenye jedwali la Google Sheets lililo kwenye simu ya kaunta, basi. Jibu hilo lilikuwa sahihi nusu. Nusu nyingine ndiyo ninayoiandika hapa, kwa sababu najua kuna wenzangu wengi wanaotengenezea ndugu zao kitu kama hiki, na sehemu inayosumbua siyo ile wanayoitarajia.

Kuchukua jedwali na kulitoa kwenye ukurasa ni kazi ya mchana mmoja. Unafungua `File > Share > Publish to web`, unachagua karatasi moja ya faili, unapewa anwani, na ukurasa wako unaisoma anwani hiyo. Ni muhimu uchague karatasi moja, usichapishe faili zima. Faili la mama mdogo lina pia bei alizonunulia samaki kwenye soko la Feri na namba za simu za wanaodaiwa, na hayo si ya kusomwa na mtu wa ghorofa ya tano. Watu wengine huweka faili zima liwe wazi kwa kila mwenye linki, kisha wanaficha safu za siri. Safu iliyofichwa kwa namna hiyo haijafichwa: anayeweza kulitazama faili anaweza kulinakili, na kwenye nakala yake akafunua kila kitu.

Kwenye jedwali langu la kwanza kila mstari ulikuwa sahani moja: jina, bei, na safu ya tatu niliyoiita Hali. Fomula ilikuwa inaacha nje kila mstari ambao safu ya Hali imeandikwa "imeisha". Nilijaribu nyumbani, ikafanya kazi. Nikaandika "IMEISHA" kwa herufi kubwa, ikafanya kazi pia, maana Google Sheets ikilinganisha maneno hivyo haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Nikaridhika.

Siku ya kwanza, kufika saa nane mchana, ukurasa ulikuwa umeficha vitu viwili tu: nyama na supu. Vingine vyote vilikuwa vinaonekana kana kwamba jiko limejaa. Nikamwuliza dada mpakuaji kama alisahau. Akanionyesha simu. Hakusahau hata kimoja. Mbele ya wali ameandika "umeisha". Mbele ya maharage, "yameisha". Ndizi "zimeisha". Samaki "wameisha". Kisamvu "kimeisha". Dada wa watu ameandika Kiswahili safi, kila neno na ngeli yake, na mimi ndiye niliyemwekea fomula inayojua ngeli moja.

Nililifikiria jambo hili kwa siku kadhaa, kwa sababu mifano yote ninayoiona ya kazi hii imeandikwa na watu ambao lugha yao ina neno moja la "imeisha" kwa kila kitu, kuanzia wali hadi samaki. Kwetu neno hilo linabeba kitu chenyewe ndani yake. Huwezi kumwambia mtu aandike "maharage imeisha" siku nzima kwa ajili ya fomula. Ataandika siku mbili, siku ya tatu mkono utarudi kwenye lugha yake.

Nikajaribu ujanja. Umeisha, yameisha, zimeisha, wameisha, kimeisha, hata imekwisha, zote zina herufi "isha" ndani. Nikaandika fomula inayotafuta herufi hizo:

```
=REGEXMATCH(C2,"(?i)isha")
```

Ilidumu hadi Jumatano. Siku hiyo mteja mmoja alipiga simu kuuliza kama kuna ndizi, mpakuaji akaangalia sufuria, akaona zipo za kutosha, akataka wenzake wajue, akaandika "bado hazijaisha". Ndizi zikatoweka kwenye ukurasa. Kwenye mstari wa dagaa kulikuwa na "wanakaribia kuisha", nao hawakuonekana. Herufi ni zile zile, maana ni kinyume kabisa.

Hapo ndipo nilipoacha maneno. Safu ya Hali nikaifuta, mahali pake nikaweka kisanduku cha tiki, `Insert > Checkbox`. Kisanduku hakina ngeli. Kina TRUE au FALSE, na kwa mtu ambaye mkono mmoja umeshika upawa, kukigusa mara moja ni rahisi kuliko kuandika neno lolote. Nilipanua mistari na kukuza herufi, kwa sababu kwenye simu ndogo kidole chenye mafuta kinagusa wali kikidhani kinagusa ugali.

Lakini kisanduku nacho kina swali lake: tiki imaanishe nini? Wengi huweka safu inayosema "Kimeisha" na tiki ikiwekwa kitu kinafichwa. Mimi nimeigeuza. Safu yangu inaitwa Kipo. Asubuhi visanduku vyote ni vitupu na ukurasa hauna chakula. Sufuria ikiteremka motoni, mpakuaji anatia tiki. Ikiisha, anaitoa. Tofauti inaonekana siku mtu akisahau. Ukiwa na safu ya "Kimeisha" na mtu akasahau, ukurasa unatangaza kitu ambacho hakikupikwa kabisa, na kijana anapanda ngazi bure. Ukiwa na safu ya Kipo na mtu akasahau, chakula kipo ila hakionekani, mteja mmoja anapiga simu kuuliza "leo hamna samaki?", na kosa linarekebishwa hapo hapo. Makosa yote mawili yanaumiza, lakini hili la pili linajitangaza lenyewe asubuhi kabla ya watu wengi kuagiza.

Kosa langu la pili lilihusu namna tunavyokula.

Kwenye mgahawa wa aina yetu sahani si kitu kimoja. Ni chakula na mboga: wali maharage, wali nyama, wali samaki, ugali dagaa, ugali samaki, ugali kisamvu, ndizi nyama, chapati maharage. Jedwali langu lilikuwa na mistari 14, na kwenye mistari hiyo maharage yalitokea mara tatu: na wali, na ugali, na chapati. Siku moja maharage yaliisha saa 7:50 mchana. Mpakuaji akatoa tiki kwenye wali maharage, akatoa kwenye ugali maharage, kisha mtu akamwita. Chapati maharage ikabaki. Saa 8:02 duka moja la viatu likaagiza chapati maharage tatu.

Mama mdogo hakumlaumu dada. Alinitazama mimi, akasema, "Mwanangu, sufuria la maharage ni moja. Mbona wewe umemwekea matatu?"

Alikuwa amelisema lote. Kinachoisha jikoni ni sufuria, si sahani. Mpakuaji anaona chini ya sufuria la maharage, na anachokijua wakati huo ni kitu kimoja: maharage basi. Kumtaka akumbuke sahani zote zenye maharage ni kumpa hesabu ambayo jedwali linaweza kuifanya bila kuchoka.

Kwa hiyo faili sasa lina karatasi tatu. Ya kwanza inaitwa Vitu, nayo ni orodha ya masufuria: Wali, Ugali, Ndizi, Chapati, Pilau, Maharage, Nyama, Samaki, Dagaa, Kisamvu. Kila kimoja na tiki yake. Hii ndiyo pekee anayoigusa mpakuaji. Ya pili inaitwa Sahani, na kila mstari una jina la sahani, bei, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Kwa mfano: Chapati maharage, 2,500, Chapati, Maharage. Kwenye safu ya tano ya mstari huo kuna fomula inayouliza kama sehemu zote mbili zipo:

```
=IFERROR(AND(VLOOKUP(C2,Vitu!A:B,2,FALSE),
 VLOOKUP(D2,Vitu!A:B,2,FALSE)),FALSE)
```

Inakwenda kwenye Vitu, inatafuta Chapati, inasoma tiki yake. Inatafuta Maharage, inasoma tiki yake. Zote zikiwa TRUE, sahani ipo. Moja ikikosekana, sahani haipo. Pilau haina mboga, inaliwa na kachumbari yake, na kwa kuwa fomula inataka sehemu mbili nimeandika Pilau kwenye safu zote mbili. Si nadhifu, lakini mtu yeyote akifungua faili anaelewa.

Ile `IFERROR` ya mwanzo ina kazi yake. Jina kwenye Sahani lisipofanana herufi kwa herufi na jina kwenye Vitu, fomula inatoa `#N/A`. Kwangu ilitokea kwa sababu mimi naandika maharage, na binamu yangu aliyenisaidia kuingiza bei anaandika maharagwe. Wote tuko sahihi, ila jedwali lina moja tu. Kwa `IFERROR` sahani yenye jina lililokosewa inafichwa badala ya kuvuruga orodha. Ukiona sahani haitokei hata sehemu zake zote zikiwa na tiki, angalia tahajia kwanza, halafu angalia kama kuna nafasi tupu mwishoni mwa neno. Nafasi hiyo huioni kwa macho, lakini "Wali " na "Wali" si kitu kimoja kwa jedwali. Dawa yake ni kutoandika kabisa: safu za sehemu nimezifanya ziwe za kuchagua kutoka kwenye orodha, kupitia `Data > Data validation`, na orodha yenyewe inatoka kwenye Vitu.

Karatasi ya tatu naiita Mbele, kwa kuwa ndiyo inayokwenda kwa wateja. Ina fomula moja tu, kwenye seli A1:

```
=IFERROR(FILTER(Sahani!A2:B30,Sahani!E2:E30),"")
```

Inachukua jina na bei za sahani ambazo zipo, inaziacha nyingine. Asubuhi ambapo hakuna kitu chochote, `FILTER` isiyopata mstari hata mmoja hutoa kosa, na bila `IFERROR` mteja angekuta kwenye menyu chakula kiitwacho `#N/A`. Karatasi hii ndiyo niliyoichapisha. Hiyo na Sahani nimezifunga kwa `Data > Protect sheets and ranges`, mpakuaji asije akafuta fomula kwa bahati mbaya.

Siku maharage yakiisha sasa, anagusa kisanduku kimoja, na sahani tatu zinaondoka pamoja. Wali ukiisha, zinaondoka wali maharage, wali nyama na wali samaki, lakini samaki anabaki kwenye ugali, na mteja aliyekuja kwa ajili ya samaki bado anamwona. Zamani tungempoteza, maana mpakuaji mwenye haraka alikuwa anafuta kila chenye samaki.

Kuna jambo dogo la namna ukurasa unavyoisoma karatasi hiyo. Mwanzoni niliisoma karatasi kama CSV, ambamo mkato ndio unaotenganisha safu. Tatizo ni kwamba bei zetu zinaandikwa na mkato, 2,500, na Google hutoa namba kama inavyoonekana kwenye jedwali, ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Mtu akikata mstari kwenye kila mkato, kama nilivyofanya, chapati maharage inauzwa kwa shilingi 2. Nikabadilisha mwisho wa anwani kutoka `output=csv` kuwa `output=tsv`, ambapo kinachotenganisha safu ni alama ya tabo. Hakuna mtu anayeandika tabo kwenye jina la chakula. Msimbo ukawa mfupi:

```
fetch(ANWANI)
  .then(r => r.text())
  .then(t => chora(
    t.split(/\r?\n/).map(m => m.split('\t'))
  ));
```

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha usingizi. Kwa kuwa kila siku inatakiwa kuanza na visanduku vitupu, mtu lazima avifute. Nikaandika skripti ndogo kwenye Apps Script:

```
function anzaSiku() {
  SpreadsheetApp.getActive()
    .getSheetByName('Vitu')
    .getRange('B2:B20').uncheck();
}
```

Nikaipangia saa ya kujiendesha, kila siku `Midnight to 1am`, yaani kati ya saa sita na saa saba usiku, watu wamelala. Ilikuwa mwezi wa Agosti.

Kesho yake asubuhi mama mdogo akapiga simu. Hata sikumaliza kusema shikamoo. "Chakula kimepotea kwenye simu." Nikafungua ukurasa, kweli, mtupu. Nikampigia dada, akaapa kwamba ametia tiki zote saa tatu na nusu. Akazitia tena, zikakaa. Siku iliyofuata, vile vile. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe, nikakaa kaunta na simu mkononi. Saa 4:17 asubuhi tiki zote zikafutika mbele ya macho yangu, bila mtu kugusa.

Dakika ile ndiyo iliyonipa jibu. Nikafungua orodha ya `Executions` kwenye Apps Script, nikaona skripti imejiendesha siku zote tatu kwenye dakika ile ile. Apps Script ukiipa saa nzima huchagua yenyewe dakika fulani ndani ya saa hiyo, kisha inaishikilia siku hadi siku. Binadamu anayekosea hakosei saa 4:17 kila siku. Kitu kikiharibika kwa dakika ile ile, tafuta saa iliyopangwa.

Faili nililoanzia lilikuwa nakala ya faili la mtu mwingine, na skripti ilikuja na saa za huko lilikotoka, `America/Los_Angeles`. Mwezi wa Agosti Los Angeles iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 10. Saa sita yao ya usiku ni saa nne kamili asubuhi kwetu, wakati masufuria yameshateremka. Na ingekuwa Januari, tofauti ingekuwa saa 11, kwa sababu wao hubadilisha saa zao kwa majira na sisi hatubadilishi. Maana yake tatizo lingehama kwa saa nzima bila mtu kugusa chochote, na ningechanganyikiwa zaidi.

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Kwenye `Project Settings` ya skripti nikaweka `Africa/Dar_es_Salaam`, na kwenye jedwali lenyewe, `File > Settings`, nikaweka hiyo hiyo. Sehemu hizi ni mbili tofauti, na ukirekebisha moja nyingine haifuati. Ya skripti ndiyo inayoamua skripti ijiendeshe lini. Ya jedwali ndiyo inayoamua fomula kama `TODAY()` iseme leo ni tarehe ngapi. Kama unatumia tarehe kuchagua menyu ya siku, na jedwali lako likawa na saa za Los Angeles, wateja wako watasoma menyu ya jana hadi saa nne au saa tano asubuhi, halafu itajirekebisha yenyewe kabla hujafika kuichunguza.

Lililobaki ni ucheleweshaji, na huo hauondoki, unaishi nao. Karatasi iliyochapishwa kwa `Publish to web` haibadiliki papo hapo. Kutoka kisanduku kiguswe hadi anwani itoe orodha mpya inaweza kupita dakika tano hivi. Ukurasa wangu unasoma upya kila dakika moja, kwa hiyo kwa hesabu mbaya ni dakika sita. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, pilau inatoka sahani moja kila baada ya dakika mbili. Ndani ya dakika sita zinaweza kuagizwa sahani tatu ambazo hazipo tena. Basi kwa pilau tumekubaliana kwamba tiki inatolewa zikibaki sahani tatu, si sufuria likikauka. Zile tatu zinakwenda kwa waliochelewa kwenye dakika hizo, na zikibaki, zinaliwa na waliokaa mezani. Kisamvu kinatoka taratibu, kinatosha kutolewa kikibaki cha sahani moja.

Ucheleweshaji mwingine uko mfukoni mwa mteja. Mtu anafungua menyu saa sita, anazima kioo, anarudi saa nane na kuagiza kutoka kwenye orodha ile ile ya zamani, kwa sababu simu huusimamisha ukurasa usiotazamwa. Nimeuambia ukurasa usome upya kila unaporudi kuonekana, kupitia tukio la `visibilitychange`. Na kwa sababu watu wa Kariakoo wanapenda kupiga picha ya kioo na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la ghorofa lao, juu kabisa kwa herufi kubwa naandika siku na saa orodha iliposomwa. Saa yenyewe naiandika kwa Kiswahili:

```
const saa = (d.getHours() + 6) % 12 || 12;
```

Saa 13 ya kompyuta inakuwa saa 7, saa 10 inakuwa saa 4, saa 6 inakuwa saa 12. Mteja akituma picha iliyoandikwa "Ijumaa, saa 6:10 mchana" wakati ni saa nane, dada wa kaunta anaiona mara moja na kumwambia kwa upole afungue upya.

Ijumaa moja bando la simu ya kaunta liliisha katikati ya mchana. Kwenye simu tiki ya pilau ilitoka kama kawaida, kwa kuwa tuliruhusu faili litumike bila intaneti, na mabadiliko yanangoja mtandao urudi. Mpakuaji aliona ametoa. Wateja waliendelea kuona pilau kwa dakika 25. Tangu siku hiyo kuna simu ya pili ukutani, ya zamani yenye kioo kilichopasuka, inayoonyesha ukurasa wa mteja na kutumia laini tofauti. Sheria ya jikoni ni kwamba kitu hakijaisha hadi kitoke kwenye simu ya ukutani. Kisipotoka baada ya dakika sita au saba, mtu anaangalia bando.

Watu wameniuliza kwa nini sahani iliyoisha isibaki kwenye orodha ikiwa imepigwa mstari, ili mteja ajue ilikuwepo. Tulijaribu wiki moja. Simu za "nibakizieni hata kipande" zilikuwa nyingi kuliko maagizo, na dada mpakuaji hana moyo wa kumkatalia mtu. Nikairudisha kufichwa kabisa.

Ninachokishughulikia wiki hii ni samaki. Mama mdogo ananunua Feri alfajiri kwa mnada, na fungu moja lina wakubwa na wadogo. Bei ni mbili, lakini kwenye Vitu Samaki ni mstari mmoja, kwa hiyo wakubwa wakiisha tiki inabaki kwa ajili ya wadogo, na mteja wa 6,000 analetewa samaki wa 4,000. Nimegawa mstari kuwa Samaki mkubwa na Samaki mdogo, nikaongeza sahani mbili kwenye Sahani. Sasa dada anasema kuna siku wapo wa katikati.